Watoto 2.4 ni wa kuzidisha, sio wa kutafuta nyumbani

Kuna habari imesema kila kaya ina wastani wa watoto 2.4, na mtu akauliza: "Sasa hiyo familia yenye watoto wawili na nusu kasoro iko wapi? Nionyesheni moja tu"

Haipo ndugu, na wala haihitajiki iwepo. Hiyo namba ni watoto wote wamejumlishwa wakagawanywa kwa kaya zote, kwa hiyo ni mali ya kundi zima, kazi yake ni kuzidisha: ukiwa na kaya 5,000 unajua uandae chanjo za watoto kama 12,000 hivi, basi.

Chukua kaya 10. Tatu hazina mtoto, moja ina mmoja, mbili zina wawili wawili, moja watatu, moja wanne, na mbili zina sita sita. Jumla 24, gawa kwa 10 unapata 2.4, safi kabisa. Ila sasa waulize watoto wenyewe, kila mmoja aseme kwao wapo wangapi, wastani wa majibu yao unakuja kama 4.4! Maana nusu ya hao watoto, 12 kati ya 24, wanaishi kwenye zile nyumba mbili tu za sita sita, na zile kaya tatu tupu hazina mtoto wa kuulizwa. Ndo maana mwalimu akihesabu kupitia wanafunzi anaona familia kubwa kuliko mtu wa sensa, na wote wako sahihi.

Halafu hiyo habari haijasema kaya zisizo na watoto zimehesabiwa au la, jamani hilo ni kubwa, ukizitoa hizo tatu wastani unaruka hadi 3.4 na hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezeka