Mshahara Ukichelewa, Wafanyakazi Wanataka Tarehe

"Mishahara yetu ni tarehe 28 na mteja mkubwa hajalipa. Mkurugenzi anasema tusiwaambie wafanyakazi, hela itaingia tu. Mimi ndiye mhasibu na wananiuliza mimi. Niseme nini?"

Mkurugenzi wako ana hoja, tusimbeze. Habari ya mshahara kuchelewa haikai ofisini. Jioni ileile dereva atamsimulia muuzaji wa vifaa, na muuzaji aliyezoea kuwakopesha ataanza kudai taslimu. Fundi anayevutwa na kampuni nyingine atapokea simu yao. Kubwa zaidi, ukishataja tarehe umejifunga, na ikipita bila hela hakuna atakayekuamini tena.

Hofu hizo ni za kweli, ila kunyamaza hakuziondoi. Kunamtwisha mzigo mwenye kipato kidogo kuliko wote. Katika kampuni moja niliyofanya kazi tuliwahi kunyamaza. Dada wa usafi alikwenda ATM mara nne ndani ya siku tano, na kila alipoangalia salio alikatwa ada. Siku ya tatu akachukua mkopo wa simu wa Songesha apate nauli ya kuja kazini. Nilipomuuliza baadaye kama kuambiwa mapema kungemsaidia, alinijibu kwamba angemwomba mwenye nyumba amwongezee wiki moja, kabla siku ya kodi haijafika. Alichokosa pale ni siku nne za kujipanga, na hizo tulikuwa nazo mezani kwetu.

Kwa hiyo mimi nasema wafanyakazi waambiwe. Ugumu uko kwenye kuipata tarehe yenyewe, na wengi hukosea kwa kutangaza ile waliyoahidiwa na mteja. Chukua Aprili 2025. Tarehe 28 ilikuwa Jumatatu. Tuseme mteja aliahidi kulipa Jumatano tarehe 30. Hela ikiingia jioni hiyo, kesho yake ni Mei Mosi na benki zimefungwa. Ijumaa tarehe 2 unapakia orodha ya malipo na wakubwa wanaidhinisha. Wenye akaunti kwenye benki yenu wanaweza kupata siku hiyohiyo, lakini wa benki nyingine huenda wakasubiri hadi Jumatatu. Tarehe ya kutangaza hapo ni tarehe 5 Mei. Inauma kuitamka, lakini mshahara ukiingia mapema hakuna atakayelalamika.

Sababu nayo itajwe. "Changamoto zilizo nje ya uwezo wetu" ni maneno matupu, na watu watayajazia yao: kampuni inafilisika, bosi kanunua gari. Jina la mteja si lazima, maana bado mnamdai na mnahitaji kazi yake. Salio la benki pia si la kuanika. Ila kama hela imetumika kwa jambo jingine, usimsingizie mteja. Kuna karani anayeona taarifa za benki, naye ana rafiki.

Ningeandika hivi, Alhamisi tarehe 24, kwa sahihi ya mkurugenzi wala si yako:

"Ndugu wafanyakazi, mshahara wa Aprili hautalipwa tarehe 28. Utalipwa Jumatatu tarehe 5 Mei. Mteja wetu mmoja mkubwa hajalipa ankara ya Machi, na fedha tuliyonayo haitoshi mishahara ya wote. Mwenye kodi au rejesho la mkopo kabla ya siku hiyo amwone mhasibu leo apewe barua. Ijumaa tarehe 2 saa 6 mchana tutawaambia fedha imefikia wapi. Tunawaomba radhi."

Barua ile si mapambo. Mwenye nyumba au ofisa mikopo huongea tofauti na mtu aliyeshika karatasi yenye mhuri.

Tahadhari moja upande wa pili. Nimeona kampuni zikigeuza taarifa nzuri kuwa desturi: kila mwezi radhi, kila mwezi tarehe mpya. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, na tangazo halimfutii mwajiri wajibu huo. Likitokea mwezi wa pili mfululizo, tatizo limeshatoka kwenye mawasiliano. Hapo mkurugenzi akae na benki yake juu ya mkopo wa muda mfupi, au aanze kwa kusimamisha mshahara wake mwenyewe. Kama kilichopo kinatosha nusu tu ya malipo, ningewalipa kwanza, kwa ukamilifu, wa mishahara midogo, na wote waambiwe kwamba ndivyo ilivyoamuliwa.

Na ile Ijumaa saa 6 mchana itimize hata kama huna jipya. Ukiona mteja hajalipa mpaka saa hiyo, tarehe 5 imeshakufa. Waambie saa hiyohiyo, kabla hawajaondoka kwa wikiendi wakiitegemea Jumatatu.