Moyo ukiacha kudunda si lazima mapenzi yamekufa

Jumapili iliyopita mtoto wa mama mdogo alikuja kwangu hapa Busia, ametoka Kampala na taksi ya alfajiri, macho mekundu na begi moja tu. Nikampa chai na chapati, hakugusa. Akaniambia anamwacha mume wake, wameishi miaka minne. Nikamuuliza, amekupiga? Hapana. Ana mwanamke nje? Hapana. Hatoi pesa ya chakula? Anatoa. Sasa nini basi? Akasema, "Dada, sihisi kitu tena. Tumebaki mazoea tu."

Halafu ndipo la kweli likatoka. Kuna mwanaume kazini kwake, leo anamwandikia mpaka saa sita usiku, kesho kimya, ujumbe umesomwa na tiki zimegeuka bluu na jibu hakuna, siku tatu baadaye anakuja na neno moja tamu. Na simu ikilia tu tumbo linamkatika. "Hayo ndiyo mapenzi, dada, mwili hauwezi kudanganya." Jirani zangu wawili walikuwa wamekaa hapo kwenye mkeka, wote wakaitikia eeh, ni kweli, fuata moyo wako. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka vizuri, manake hilo tumbo linalokatika nalijua, limenila miaka miwili na zaidi ya ujana wangu.

Shida yetu moja ni kwamba vyote tunaviita kupenda. Ukimzimia mtu uliyemwona harusini, umependa. Ukikosa usingizi kwa ajili ya mtu asiyejibu, umependa. Ukiishi na mtu miaka kumi na mbili, mnapenda pia. Na hivyo vitu vitatu havifanani hata kidogo.

Kumzimia mtu ndiko kwepesi zaidi. Umeona sura, sauti, namna anavyovaa, na yale usiyoyajua unajijazia mwenyewe. Ni raha, na raha yenyewe haihitaji hata akujibu, unaweza kumtazama tu ukarudi nyumbani umefurahi. Wiki kadhaa, labda miezi michache, halafu unamjua vizuri, unamsikia anavyomtukana konda, na inaisha hivyo hivyo bila msiba. Hiyo haina neno.

Ya pili ndiyo hatari. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Dorothy Tennov, aliipa jina lake katika kitabu alichotoa mwaka 1979 baada ya kukusanya maelezo ya watu zaidi ya mia tano, akaiita limerensi. Ni neno alilolibuni tu mwenyewe manake hakuona jina lililofaa. Alichokiona ni kwamba mtu akishikwa na hiyo, mawazo ya yule mtu yanaingia kichwani bila kuitwa, anapika yapo, anasali yapo, na furaha yote ya siku inategemea dalili kutoka kwa mtu mmoja. Anachokitamani zaidi hata si mwili, ni yule mtu amtamani pia. Na kuni za huo moto ni mbili, zote lazima ziwepo: tumaini kidogo, na mashaka. Ukiwa na uhakika kwamba anakupenda, moto unaanza kupoa. Ukiwa na uhakika kwamba hakutaki kabisa, taratibu unakufa. Ni pale katikati, pa labda, ndipo unapowaka.

Mimi nilikuwa na miaka 24, nauza muda wa maongezi kwenye kibanda pale Malaba, karibu na malori yanayosubiri kuvuka. Kulikuwa na ajenti mmoja wa forodha, shati limepigwa pasi, Kiswahili chake cha pwani kinateleza. Miezi miwili ya kwanza nilimzimia tu, nacheka nao wenzangu, akipita tunagongana viwiko. Siku moja akanunua muda wa maongezi, akanitazama, akasema "wewe ungenifaa sana," akaondoka, hakuonekana wiki tatu.

Hizo wiki tatu ndizo zilizoniharibu. Angeniambia nakupenda, au angeniambia nina mtu wangu, ningejua pa kusimama. Nilibaki na sentensi moja na nikaitafuna kila siku. "Ungenifaa", je ana maana gani, angetaka lakini kuna kinachomzuia, au alikuwa anapitisha muda? Aliporudi akanisalimia kama mteja yeyote. Jioni akatuma ujumbe wenye neno moja, "Umelala?", nikausoma nadhani mara thelathini, nikajibu, akanyamaza. Na mimi nikakaa nje ya nyumba mpaka saa saba usiku kwa sababu ndani netiweki ilikuwa mbovu.

Iliendelea hivyo miezi ishirini na kitu. Na nataka muelewe kilichonishangaza baadaye nilipoanza kusoma mambo haya, kwamba akinitendea vibaya ndipo ilipozidi. Tennov aliliona hilo pia, vikwazo vinaongeza. Wale wanaochunguza tabia za wanyama walishaona kitu cha namna hiyo zamani, ukimpa njiwa punje kila akidonoa kitufe, siku ukiacha naye ataacha upesi, lakini ukimpa mara moja moja bila mpango, atadonoa na kudonoa hata punje zimekwisha kabisa. Mwanaume anayejibu leo na kunyamaza kesho, apende asipende, anakulisha hivyo hivyo. Kule kutetemeka simu inapolia kunakwambia tu kwamba hujui kama itakuwa yeye.

Tennov aliandika kwamba mara nyingi inakaa kati ya miezi 18 na miaka mitatu, na ina milango mitatu ya kutokea. Anakupenda kweli na inageuka taratibu kuwa kitu kingine, au inakosa chakula inakufa, au inahamia kwa mtu mwingine. Yangu ilikufa kwa njaa. Alihamishiwa mpaka mwingine, akanipigia kuniaga na kuniambia anaoa, na hata baada ya hapo nilikuwa natafuta labda kwenye sauti yake. Mpaka namba yake ikawa haipatikani, na miezi kama mitano hivi baadaye nikashtuka kwamba siku nzima imepita sijamuwaza.

Sasa msikilize hii ya tatu, ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Baba watoto ni fundi pikipiki. Nilipomjua moyo ulidunda kidogo, si sana, na mwaka wa kwanza nilikuwa na wasiwasi kabisa kwamba nimekosea, manake nilikuwa nimezoea kwamba kupenda ni kuumwa. Alisema atakuja saa kumi, akaja saa kumi. Ujumbe ukienda unarudi. Hakukuwa na mahali pa kuweka mashaka. Mwaka wa pili tukagombana kuhusu ndugu zake na pesa, mwaka wa tatu mtoto, mwaka wa tano nilikuwa simtazami hata akiingia, najua ni yeye kwa jinsi anavyoweka viatu.

Mwaka 2016 nilianguka na boda nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kilipona lakini nguvu ya kuzungusha haikurudi yote. Sikumwomba chochote, ila tangu hapo kila asubuhi anachota maji, anaweka jerikeni karibu na sigiri, na kifuniko kinakuwa kimelegezwa tayari. Nikasahau. Kweli nilisahau kabisa kwamba kuna mtu anakilegeza.

Mwaka 2018 akapata kazi Juba, miezi mitatu. Nilimsindikiza sikulia, nikasema hata nyumba itapumua. Kesho yake alfajiri kijana wa maji akaleta jerikeni, nikashika kifuniko, hakikuzunguka. Nikajaribu kwa kitambaa, nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Nikakaa chini pale kwenye saruji na khanga yangu nikalia mpaka mtoto akaamka akaja kuniuliza nani amekufa.

Kuna mwanasaikolojia mwingine, Ellen Berscheid, yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu asubuhi ile. Alieleza miaka ya 1980 kwamba hisia kali huamka kitu kinapokatiza mwendo. Watu wawili ambao maisha yao yameshonana vizuri, wewe unaanza shughuli yeye anaimalizia, hakuna kinachokatizwa, kwa hiyo hisia zinalala. Unaweza kukaa miezi hujihisi chochote na bado umefungwa kwa mtu kwa nyuzi mia. Hutaziona mpaka kitu kizivute. Ndiyo maana mtu anasema sihisi kitu, na siku ya msiba ndiye anayeshikwa na watu wanne asitumbukie kaburini.

Nakubali, si kwa kupenda, kwamba kimya kingine ni cha kifo kweli. Nyumba ambayo kila mtu anaishi na mambo yake nayo imetulia, hakuna ugomvi, na Berscheid mwenyewe hakuficha kwamba ukiiangalia kwa nje inafanana na ile nyingine. Tofauti inaonekana mtu akiondoka. Katika nyumba iliyokufa akisafiri mwezi hakuna kinachokwama ila kodi. Pia kuna wanawake wanaovumilia kipigo wakiita mapenzi yaliyotulia, hao siwasemi hapa, hao waondoke leo. Na wapo wenye bahati ambao kudunda kunabaki miaka mingi pamoja na utulivu, nawajua wawili, basi.

Lakini kumwacha mtu wa miaka minne kwa sababu mwingine anakuchelewesha jibu! Huyo wa kazini siku akiwa wake, akiwa anarudi jioni na soksi zake na madeni yake, mashaka yatakwisha, na tumbo halitakatika tena. Atakuja tena kwangu na begi lile lile.

Sikumwambia hayo yote. Nilimuuliza kitu kimoja tu. Mume wako akienda wiki mbili, nini kitakwama pale nyumbani?

Akasema hakuna. Akanyamaza, akamenya kucha. Halafu akasema usiku yeye huogopa choo cha nje, na mume wake humsindikiza na tochi ya simu, anasimama pale nje anaongea mambo ya mpira kwa sauti ili yeye asikie kwamba yupo. Kila usiku. Hata siku walizonuniana anaongea hiyo mipira.

Chai ilikuwa imeshapoa. Akaivuta, akanywa yote kwa mara moja, akaniuliza taksi ya mwisho ya Kampala inatoka saa ngapi.