Jina la ugonjwa huja mwisho

"Ninalea mjukuu wangu wa kiume huku Mufindi. Ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Alizaliwa bila tatizo lakini akapata virusi vya UKIMWI akinyonya, na mama yake alishafariki. Tangu mdogo tumemwambia vidonge ni vya kifua. Kliniki wanasema wakati wa kumweleza umefika. Baba yake mdogo hataki kusikia, anasema mtoto hana kifua cha kutunza siri, atatutangaza kijiji kizima. Nimsikilize nani?"

Shikamoo bibi. Nianze na baba mdogo, kwa sababu watu wa kliniki tuna tabia ya kumbeza mtu wa aina yake, na hatumtendei haki. Miaka niliyokaa kwenye chumba cha unasihi cha watoto nimeiona hofu yake ikitimia. Binti mmoja wa bweni alimnong'oneza rafiki yake usiku. Kabla wiki haijaisha ndoo yake ya kuogea ilikuwa imewekwa peke yake pembeni, hakuna aliyeigusa, na hakuna aliyesema kwa nini.

Huku kwetu siri hii ni ngumu kuitunza kuliko sehemu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Ungedhani jambo lililoingia nyumba nyingi hivyo lingekuwa limezoeleka. Kinyume chake, jirani anakijua kile kikopo cheupe kwa mlio tu. Mtoto akitamka neno moja dukani, kila aliyesikia anamalizia sentensi mwenyewe, na anaanza na mama aliye kaburini.

Kwa hiyo hofu ina msingi. Kosa la baba mdogo liko kwingine: anadhani kutokusema ni kukaa kimya. Mjukuu wako anaambiwa kitu kila jioni, anaambiwa kifua. Na kifua ni uongo wenye tarehe ya mwisho. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6 zikaisha. Mtoto wa darasa la tatu anajua kuhesabu, na hata kama hajauliza, ameshaona kwamba yeye hakohoi, kwamba miaka inapita, kwamba watoto wenzake hawamezi. Karibuni ataweza kusoma jina lililoandikwa kwenye kopo na kuliingiza kwenye simu ya mtu. Uzito wake ukifika kilo 30 huenda akahamishiwa kidonge kimoja cha TLD, kile kile wanachomeza watu wazima. Kama nyumbani au kwa jirani kuna mtu anayekimeza, ataona makopo mawili yanafanana. Darasani nako watamfundisha UKIMWI, na mara nyingi unafundishwa kwa maneno mawili, ngono na kifo. Anayekuja kujua kwa njia hiyo anajua mambo mawili kwa pamoja: ana virusi, na bibi alimdanganya. Kwa niliyoyaona, hilo la pili ndilo linalomfanya atupe vidonge.

Kliniki nayo isikudanganye. Wanasihi wengine huongea kana kwamba mtoto akishaambiwa, kumeza dawa kutanyooka kwenyewe. Tafiti hazisemi kitu kimoja juu ya hilo: wengine humeza vizuri zaidi wakishajua, wengine huyumba kwa muda. Kilicho wazi zaidi ni kwamba mtoto aliyeambiwa kwa utaratibu haharibikiwi kama wazazi wanavyoogopa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2011, lilishauri watoto wa umri wa shule, yaani miaka 6 hadi 12, waambiwe hali yao, na walio wadogo zaidi waambiwe kidogo kidogo kulingana na akili zao. Mjukuu wako yuko katikati kabisa ya umri huo.

Kidogo kidogo. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani kwako unapopungua, maana ninyi wawili mnagombania siku moja, siku ya kutamka neno. Kutoa taarifa si siku moja, na neno lenyewe ndilo linalokuja mwisho.

Nikuoneshe kwa mvulana niliyefuatana naye, naye alikuwa na miaka 9, analelewa na shangazi, naye alikuwa ameambiwa ni kifua. Hatukuanza na virusi. Tulianza na kuondoa kifua. Shangazi alimwambia mbele yangu: "Nilikuambia dawa ni ya kifua. Ulikuwa mdogo, sikujua nikuelezeje. Siyo ya kifua, ni ya damu. Tutakueleza vizuri, na ukiuliza hatutakudanganya tena." Basi. Siku hiyo iliishia hapo. Alichofanya mtoto ni kuuliza kama bado atameza.

Ziara iliyofuata tulizungumza habari ya askari. Mwilini kuna askari wanaopigana na magonjwa, na kwenye damu yake kuna mdudu mdogo sana anayependa kula askari. Dawa haimuui mdudu, inamlaza. Usingizi wake ni wa siku moja, ndiyo maana dawa ni kila siku. Nilimpa penseli achore. Alichora mdudu mkubwa amelala kitandani, amevuta blanketi, na askari wawili wamesimama mlangoni na marungu. Baadaye nilimwomba anisimulie mimi, kama vile sijui. Hicho ndicho kipimo: mtoto akirudisha hadithi kwa maneno yake mwenyewe, unasonga. Akirudisha maneno yako kama kasuku, unarudia.

Katika hatua hii hii, kabla ya jina, anafundishwa siri. Hapa ndipo baba mdogo anapopata jibu lake. Usimwambie "usimwambie mtu yeyote," maana mtoto anaelewa kuwa ana aibu, na aibu ndiyo inayomfanya atafute rafiki wa kumtua mzigo. Mwambie ni mambo ya ndani, kama pesa bibi anazoweka kwenye mtungi: si vibaya kuwa nazo, ila hazitangazwi. Halafu mpe majina ya watu anaoruhusiwa kuzungumza nao, wasipungue wawili. Mtoto mwenye mahali pa kusemea hana haja ya kusemea bwenini. Na umjaribu kwa jambo dogo. Shangazi alimwambia kuhusu mbuzi atakayeuzwa, akamwomba asiwaambie watoto wa jirani. Wiki mbili zilipita, habari ya mbuzi haikutoka.

Jina lilikuja baada ya miezi kama 7, na aliyelileta ni yeye. Aliuliza: "Huyu mdudu anaitwa nani?" Nilimuuliza anadhani nani. Akatazama sakafu, akasema neno alilolisikia shuleni, UKIMWI. Shangazi ndiye aliyemjibu, mimi nikisaidia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, mlezi aseme na mnasihi awe kando. Alimwambia mdudu anaitwa VVU. Akamwambia UKIMWI ni pale mdudu anapoamka na kuwamaliza askari, na wake amelala.

Jiandae kwa maswali matatu, maana huja karibu kila mara. La kwanza, nitakufa? Jibu ni kwamba akimeza dawa atakua, atasoma, ataoa, atazeeka. La pili, nimempa mtu? Kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kucheza mpira, havimpi mtu. Akijikata, aoshe na amwite mkubwa. La tatu ndilo zito: mama alinipa kwa nini? Kwa hali uliyoieleza, ukweli ni mpole kuliko watu wanavyodhani. Mama anaweza kupimwa mwanzo wa ujauzito akaonekana hana, kisha akaambukizwa akiwa bado ananyonyesha bila kujua. Kama ndivyo ilivyokuwa, mwambie hivyo hivyo. Neno "uzembe" lisisikike ndani ya nyumba, hata kwa utani wa watu wazima waliotoka kwenye ulanzi.

Baada ya hapo mrudishe kliniki ndani ya wiki mbili hata kama si tarehe ya dawa. Mtoto aliyelia sana siku ile hanitishi. Ninayemwangalia ni yule aliyesema "sawa" tu, kisha akaanza kukojoa kitandani, kugombana, au kusema kidonge kinamtia kichefuchefu wakati jana hakikumtia.

Kuhusu vidonge vyenyewe, kosa ninaloliona sana ni kufunga dawa kwenye saa badala ya tendo. Saa 2 usiku mwezi Juni, kwa baridi ya Mufindi, mtoto ameshalala. Ifunge kwenye kitu kisichokosekana, kama kunawa mikono kabla ya ugali wa jioni. Akisahau, ameze akikumbuka, lakini asimeze dozi mbili kwa pamoja. Ukiwa na msiba au unalala shambani wakati wa kuvuna, funga vidonge vya siku hizo tu kwenye kikaratasi, na vingine vibaki kwenye kopo lake, maana unyevu unaviharibu. Kopo likipiga kelele, weka pamba juu.

Mhesabie vidonge bila kumpeleleza. Kama anameza kimoja kwa siku, amepewa 90 na siku 60 zimepita, kopo liwe na 30. Vikibaki 41, kuna siku 11 zimepotea, na unauliza siku zipi, huulizi nani mkosaji. Yule mvulana alitufundisha jambo jingine. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, lakini kipimo cha wingi wa virusi kilirudi juu ya 1,000. Vidonge vilikuwa vinatoka kwenye kopo, ila vinaishia kwenye mahindi nyuma ya jiko. Hilo lilitokea wakati bado anaambiwa ni kifua. Aliniambia baadaye, bila kuona haya: "Nilikuwa nimeshapona kifua."

Sehemu moja nipo upande wa baba mdogo moja kwa moja. Kliniki ikipata kipimo kibaya huwa na haraka, inataka mtoto aambiwe siku hiyo hiyo ili ashtuke na kumeza. Kataa kwa heshima. Jina la ugonjwa likitamkwa kama adhabu litabaki adhabu. Usimwambie wiki anayoenda bweni, wala wakati wa mitihani, wala siku ambayo wewe mwenyewe huna nguvu ya kukaa naye jioni.

Kwa hiyo ziara ijayo nenda na baba mdogo. Usimwite kuja kushawishiwa, mwambie tunatafuta mtu wa pili wa kuulizwa maswali, na tungependa awe yeye. Kazi ya siku hiyo iwe moja tu, kuondoa kifua.