Ijumaa, Tarehe 12

Mwaliko wa sherehe ya mwaka ya wafanyakazi niliuandika kwa dakika tano, na ndiyo balaa lenyewe. Nilichukua barua pepe ya mwaka uliotangulia, nikanakili, nikabadilisha mwaka na siku ya mwisho ya kujibu. Ukumbi ule ule. Mavazi yale yale: nyeupe tupu, juu hadi chini. Sherehe yetu ni tarehe 12 Desemba kila mwaka, kwa hiyo mstari wa "Ijumaa, tarehe 12 Desemba, saa 12 jioni" sikuugusa. Nikatuma.

Kumbe kalenda haina undugu na mtu. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja juu, basi tarehe ile ile mwaka unaofuata husogea siku moja mbele, na mwaka mrefu ukiingia kati husogea mbili. Tarehe 12 ilikuwa Jumamosi. Ukumbi niliuweka Jumamosi. Mwaliko ulisema Ijumaa.

Watu 41 walijibu "Nitafika" kabla ya tarehe 3 kama nilivyoomba. Aliyeshtuka ni mzee wa stoo peke yake: "Mwanangu, tuje Ijumaa au tuje tarehe 12?" Nikadhani ananitania. Nikamjibu, "Vyote viwili, mzee."

Siku nne kabla ya shughuli ndipo macho yakanifumbuka. Nikaandika marekebisho, lakini kwa kujibu barua ile ile, kwa hiyo kichwa kilibaki "Mwaliko wa Sherehe". Aliyekiona alisema huyu anatukumbusha tu, akapita. Na hata aliyefungua alikutana kwanza na salamu, kisha shukrani, kisha maelezo ya maegesho. Neno "Jumamosi" lilikuwa limejificha aya ya tatu. Kama ningeanza kichwa na "SIKU IMEBADILIKA: NI JUMAMOSI", nisingekuwa na hadithi.

Ijumaa jioni napiga pasi, simu ikaita. Mhasibu, ananong'ona.

"Uko wapi? Mbona sherehe yetu ina bibi harusi?"

Moyo ukanidondoka. "Mko wangapi hapo?"

"Kumi na tisa. Wote tumevaa nyeupe. Bibi harusi anatutazama vibaya."

"Tokeni!"

"Tutokeje? Upande wa bwana wanadhani sisi ni kwaya. Wametupanga mbele."

Nikasikia kipaza sauti kikitangaza wimbo maalumu. Kisha kimya. Kisha, Mungu wangu, sauti ya bosi wangu ikianzisha.

Jumamosi wakaja tena, kumi na tisa wale wale, nyuso zimewakauka. Mzee wa stoo akanipa mkono. "Vyote viwili," akasema, "nimetii." Shati lake jeupe lilikuwa na doa la keki kifuani. Nikamuuliza kama hakupata nafasi ya kulifua.

"Nilirudi usiku wa manane," akasema. "Walituomba turudie ubeti wa pili."