Mangi, mdai namba nne

Stori mnayoisikia huko mtaani, kwamba nililia dukani kwa Mangi, ina chumvi. Sikulia. Jasho liliingia machoni.

Mshahara ulikuwa 400,000. Nikatoa 150,000 ya chakula na nauli, maana usipokula wala kufika kazini, wewe na wadai wote mnakosa. Iliyobaki, 250,000, haikutosha kulipa madeni, nikaandika orodha kwenye karatasi ya daftari. Mwenye nyumba, laki moja: ana uwezo wa kunitoa nje. Kausha damu, 80,000 nimalizane naye: riba inapanda kila wiki na dhamana ni TV. Kikoba, rejesho la 50,000: nisipoleta, wanakata hisa za wadhamini wangu. Mangi, nadaiwa 68,000, apewe 20,000.

Mwenye nyumba nilimpigia kabla kodi haijafika tarehe. Alitaka ya miezi mitatu kwa mpigo. Nilipomtajia kiasi na siku ya kuleta kinachofuata, akaguna, akakubali. (Nyie mnaozima simu, haisaidii. Nimeshajaribu.)

Basi nikaenda kwa Mangi jioni, duka limejaa. Nikampa ile 20,000 nimeikunja vizuri kwenye karatasi. Ndiyo. Karatasi ile ile.

Akaikunjua polepole. Akaweka noti kwenye droo. Akatafuta miwani, ile yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, akaivaa. Nikadhani anahakiki deni. Akasoma kwa sauti, kidole kikitembea chini ya kila neno.

"Namba nne. Mangi. Hana riba." Akanitazama. "Hana dhamana." Mtoto aliyetumwa sukari akasogea asikie vizuri. "Mpole. Ukimwamkia vizuri anasahau."

Nilinyoosha mkono kupitia nondo za dirishani. Hawezi kufikiwa, jamani, hizo nondo zimewekwa na mtu makini.

Akarudi juu ya karatasi. "Namba tatu, kikoba. Mhazini ana mdomo, lakini faini yake elfu tano tu."

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Ehee, endelea Mangi." Sikugeuka. Sauti ile naijua, kila Jumapili huniita jina langu na la baba yangu mbele ya sanduku.

"Namba mbili, kausha damu, TV."

"Kwa hiyo TV inanitangulia mimi?" mhazini akauliza. Nikaanza kumweleza kuhusu riba ya kila wiki. Wallahi nilianza. Watu wakacheka mpaka mwenye chipsi akaacha mayai yaungue.

Mengine mafupi. Mhazini kapokea 50,000 yake pale pale dukani, kahesabu mara mbili. Mangi tumeelewana elfu kumi kila Jumamosi, kaandika kwenye daftari lake nami nikasaini, ila mpaka deni liishe nanunua kwa fedha taslimu.

Jana nimemwamkia, "Shikamoo Mangi."

"Marahaba. Arobaini na nane elfu."