Barua ya haraka kutoka Unguja inavyopotea London

Kwetu Zanzibar mtu mwenye jambo la haraka haandiki. Huja mwenyewe, au humtuma kijana, au hupiga simu, na haraka yake huonekana usoni au husikika katika sauti kabla hajamaliza kusalimia. Huku London, ninakofanya kazi katika ofisi ya wakala wa mizigo, karibu kila jambo hupitia barua pepe, na barua pepe haina uso wala sauti. Naelewa basi kwa nini wafanyabiashara wa nyumbani hujaribu kuirudisha sauti hiyo kwa herufi kubwa, alama za mshangao na barua ileile iliyotumwa mara nne, lakini kwa ninavyoona mimi, jitihada hizo ndizo zinazoichelewesha barua.

Sababu ya kwanza ni kwamba matapeli wamekwisha kuichukua lugha hiyo. Katika ofisi nyingi za huku wafanyakazi hufundishwa kwamba barua inayopiga kelele na kumharakisha mtu, hasa ikitaja malipo, ni ya kutiliwa shaka kwanza na kujibiwa baadaye. Mashine nazo zina mtazamo huohuo: SpamAssassin, programu inayotumiwa na seva nyingi kuchuja barua taka, ina kanuni iitwayo SUBJ_ALL_CAPS, ambayo kazi yake ni kutambua mada iliyoandikwa yote kwa herufi kubwa. Kanuni hiyo peke yake kwa kawaida haitoshi kuitupa barua, lakini ikijumlishwa na dalili nyingine huisogeza kuelekea huko. Hata ile alama nyekundu ya mshangao ambayo Outlook humruhusu mwandishi kuiweka haina uhakika wa kufika, kwa sababu mpokeaji anayesoma kwa Gmail haioni. Gmail ina alama yake ya umuhimu, nayo huiweka yenyewe kwa kutazama mpokeaji huzoea kufungua na kujibu barua za nani.

Nitoe mfano wa kontena la mwani lililokuwa likisubiri meli katika bandari ya Malindi, Unguja. Kabla ya meli kuondoka, kampuni ya meli hutoa rasimu ya hati ya shehena na kuweka saa ya mwisho ya kupokea masahihisho. Jina la mnunuzi katika rasimu hiyo lilikuwa na kosa. Kulirekebisha kabla ya saa ya mwisho ni kazi ya dakika chache, lakini hati halisi ikishatolewa, marekebisho huwa na ada na huweza kuchukua siku kadhaa, na jina lisipolingana na nyaraka nyingine mzigo unaweza kukwama bandarini unakokwenda huku gharama zikipanda. Haraka hiyo, kwa hiyo, ilikuwa ya kweli kabisa.

Barua iliyotujia ilikuwa na mada «HARAKA SANA!!! MUHIMU!!!», na ilielekezwa kwa pamoja kwetu, kwa kampuni ya meli, kwa mwenye mzigo na kwa mshirika wake aliyeko Dubai. Ilianza kwa salamu, ikatupa pole ya baridi, ikaeleza historia ya mzigo tangu ulipotoka Pemba, na saa ya mwisho ikatajwa karibu na chini kabisa kwa maneno «kabla ya saa kumi». Kila mmoja kati ya wapokeaji wanne alidhani mwenzake atajibu. Siku iliyofuata barua ileile ililetwa tena, safari hii mada ikiwa «UKUMBUSHO WA MWISHO», bila neno jipya hata moja ndani yake.

Simu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 hivi za mada, na chini yake maneno machache ya mwanzo wa barua. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyonayo mwandishi kabla msomaji hajaamua afungue sasa au jioni, na mwenzetu aliijaza kwa kelele na salamu. Mimi ningeiandika hivi:

```
Mada: Jibu kabla ya Jumatano 16:00 Zanzibar: jina la mnunuzi

Assalaam alaykum. Tafadhali thibitisha jina la
mnunuzi lililo hapa chini kabla ya Jumatano
saa 16:00 Zanzibar (13:00 London).
Baada ya hapo hati ya shehena itatolewa na kosa
lake, na kuirekebisha kutakuwa na ada.
Jibu «sawa», au nitumie jina sahihi.
Jina la mnunuzi: ...
```

Maneno yanayoonekana kwenye simu yanamweleza msomaji la kufanya na mwisho wake, na jambo lenyewe hata likikatwa halina hasara kubwa. Salamu sikuiondoa. Wapo Waswahili wa huku wanaojivunia kuandika bila salamu kama Waingereza, nami siwaungi mkono, kwani maneno mawili ya salamu hayamchelewesha mtu. Kinachochelewesha ni aya nzima ya habari za nyumbani na pole. Matokeo ya kuchelewa yametajwa mara moja, bila kutishia, kwa sababu hayo ndiyo yanayomwezesha msomaji kupima mwenyewe kama aache analolifanya. Kwenye mstari wa mpokeaji angewekwa mtu mmoja tu, yule mwenye mamlaka ya kusema «sawa», na wengine wakapelekewa nakala.

Saa inahitaji uangalifu wa peke yake. Saa kumi ya jioni kwetu ni 16:00, lakini mtu wa London akisoma kumi huelewa asubuhi au usiku, na juu ya hilo yuko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Kuandika saa kwa mfumo wa 24 na kutaja mji kunamaliza utata wote. Neno «haraka iwezekanavyo» halina saa ndani yake, na msomaji mwenye kazi nyingi hulitafsiri kuwa kesho.

Wazungu nao wana kosa lao, tena la upande wa pili. Mwenzangu wa kazini anaweza kuandika kwamba angeshukuru sana ukipata wasaa wa kulitazama jambo fulani, na kumbe meli inaondoka leo mchana. Mtu wa Unguja husoma upole huo akaamini kweli ana wasaa. Haraka iliyofunikwa kwa adabu hupotea kama ile iliyopigiwa kelele, na katika zote mbili kinachokosekana ni saa na matokeo.

Jambo jipya la haraka lisiandikwe kama jibu ndani ya mfululizo wa zamani. Gmail huzikusanya barua za mazungumzo mamoja chini ya mada ileile ya mwanzo, kwa hiyo kosa la hati ya shehena linaweza kukaa ndani ya «Bei ya mwani, Novemba», na hakuna atakayelitafuta humo. Na ikiwa muda uliobaki haufiki saa mbili hivi, barua pepe si chombo chake. Hapo desturi ya nyumbani ndiyo sahihi: piga simu kwanza, kisha andika barua ili jina liwepo kwa maandishi. Asipopokea, barua ya pili ipelekwe tu kama ina jambo jipya, kwa mfano kwamba kampuni ya meli imekubali kusubiri hadi 18:00. Jambo likishakwisha, tuma mstari mmoja wenye mada «Imekwisha: jina la mnunuzi», kwa sababu aliyepelekewa nakala huko Dubai huenda bado anahangaika kuwapigia watu wa bandarini.