Ukweli mmoja zaidi, na hoja inadhoofika

"Hoja inayopinduliwa na taarifa mpya haikuwa hoja tangu mwanzo."

Wanaoshikilia hivyo wana deduksheni akilini, na upande wao una uzito. Hoja ya deduksheni ni halali pale ambapo haiwezekani vitangulizi vyote, yaani kauli zinazotolewa kama sababu, viwe kweli na hitimisho liwe uongo. Ukiongeza kitangulizi, unapunguza tu hali zinazowezekana. Kama katika kundi zima la hali hizo hapakuwa na hata moja yenye vitangulizi vya kweli na hitimisho la uongo, haiwezi kuzuka katika sehemu yake. Ndiyo maana uhalali haupotei, hata kitangulizi kipya kikipingana na vya mwanzo.

Lakini kuipima induksheni, hoja ambayo vitangulizi vyake hulifanya hitimisho liwe na uwezekano mkubwa tu, kwa kipimo hicho ni kuionea. Chukua mtu mwenye homa ambaye kipimo cha haraka cha malaria, kile kinachotafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, kimetoa majibu chanya. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya watu 100 wa aina yake 95 wana vimelea. Hitimisho kwamba naye ana vimelea lina nguvu. Sasa ongeza jambo la kweli: alimaliza dozi ya malaria wiki mbili zilizopita. Protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo majibu chanya huenda ni mabaki ya ugonjwa uliokwisha. Tuseme kati ya watu 100 wenye historia hiyo, ni 40 tu wenye vimelea.

Hapo hakuna kitangulizi kilichogeuka kuwa uongo. Kilichobadilika ni kundi tunalolipimia. Induksheni hutazama uwiano, na uwiano wa sehemu si lazima ulingane na wa kundi zima: unaweza kushuka, kupanda au kubaki palepale. Darubini ikionyesha vimelea kwenye damu ya mtu huyohuyo, nguvu inarudi, pengine zaidi ya mwanzo.

Unaweza kulazimisha uhalali kwa kutanguliza kwamba kila mwenye majibu chanya ana vimelea. Hoja itakuwa halali, ila kitangulizi hicho ni uongo. Shaka haijaondoka, imehamia mahali pasipoonekana haraka.

Kwangu, swali zito zaidi ni la mashiko. Nguvu ni uhusiano wa vitangulizi vilivyotajwa na hitimisho, basi hoja ya kwanza, kama ilivyoandikwa, bado ina nguvu. Mashiko yanadai zaidi: vitangulizi viwe kweli, na pasiachwe taarifa tunayoijua ambayo ingebadilisha uzito. Anayejua habari ya dozi akainyamazia ametoa hoja yenye nguvu, yenye vitangulizi vya kweli vitupu, lakini isiyo na mashiko. Asiyejua, wala hakuwa na namna ya kujua, alihitimisha sawasawa kwa alichokuwa nacho, hata kama darubini haitaona kimelea hata kimoja.